Jina Letu, Namba Isiyo Yetu: Ilani kwa Wanaoagiza Dagaa Kutoka Kigoma

Ipo akaunti ya Instagram inayotumia jina la duka letu, nembo yetu na picha tulizopiga wenyewe, lakini inapokea malipo kwa namba ya simu ambayo haijawahi kuwa yetu. Si ya kwanza. Zilizotangulia ziliondolewa, nyingine zikajiondoa zenyewe baada ya kuvuna, na kila mara imezuka mpya yenye tofauti ndogo ya herufi. Naandika haya nikiwa mwenye duka, ili mteja wetu ajue wizi huu unavyofanyika hatua kwa hatua, kwa sababu tangazo fupi la "jihadharini na matapeli" tumelitoa mara nyingi na halijamsaidia mtu aliyekuwa tayari anazungumza na tapeli akidhani anazungumza nasi.

Kwa asiyetufahamu, sisi tunauza dagaa, migebuka mikavu na mawese hapa Kigoma mjini, eneo la Mwanga, na sehemu kubwa ya wateja wetu hawajawahi kukanyaga dukani. Wako Dodoma, Morogoro, Dar es Salaam na Mbeya. Mteja huona picha, huuliza bei, hukubaliana nasi, hulipa kwa simu, nasi tunafunga mzigo na kuupeleka stendi upande basi la alfajiri, kisha tunamtumia picha ya stakabadhi ya mzigo ili aupokee upande wa pili. Kati ya dakika anayolipa na dakika anayoshika mzigo mkononi hupita siku moja au mbili ambazo mteja hana kitu isipokuwa neno letu. Biashara nzima ya kuagizia bidhaa mikoani imejengwa juu ya muda huo wa kungoja, na tapeli anachofanya ni kuingia humo akiwa amevaa jina letu.

Nitaeleza tukio moja kwa urefu, kwa idhini ya aliyelipata, kwa kuwa mengine yote tuliyoyasikia baadaye yalifuata mkondo uleule.

Mwezi Juni 2024, mama mmoja mwenye mgahawa Dodoma aliandika chini ya picha yetu ya dagaa: "Bei gani kilo nane za chanja? Nipo Dodoma." Swali lenyewe lilionyesha kuwa anajua anachokitafuta, maana dagaa waliokaushwa juu ya chanja hawana mchanga, tofauti na waliotandazwa chini, na bei zao hazilingani. Wakati huo tulikuwa stoo tukichambua na kupima, kwa hiyo swali lake lilikaa bila jibu kwa muda. Kabla hatujalijibu, alipokea ujumbe kwenye inboksi yake kutoka akaunti yenye jina letu na nembo yetu. Uliandikwa hivi: "Habari mpendwa mteja, tumeona swali lako. Mzigo mpya wa chanja umeshuka leo asubuhi mwaloni Kibirizi. Ofa ya leo tu kilo 22,000. Nauli ya basi hadi Dodoma 10,000. Tukufungie?"

Kwetu siku hiyo kilo moja ya dagaa wa chanja ilikuwa 32,000. Kwa kilo nane mama huyo angetulipa 256,000 kabla ya nauli, ilhali tapeli alimpa hesabu ya 176,000, na kwa nauli ikawa 186,000. Alipokubali, akapewa namba pamoja na maelezo kwamba jina litakalotokea ni la mhasibu wa duka, asishangae. Akatuma. Baada ya saa chache akatumiwa picha ya stakabadhi ya basi yenye jina lake, ambayo ilikuwa imechezewa, na jioni ukafuata ujumbe wa pili: mzigo umezuiwa kwa sababu unahitaji kibali cha kusafirisha mazao ya uvuvi, atume 35,000 upesi, vinginevyo dagaa wataharibikia stendi. Hapo ndipo alipoacha kuandika, akatafuta namba iliyo kwenye akaunti yetu halisi na kupiga.

"Dada, shikamoo. Mbona mnanidai kibali wakati nimeshalipa nauli?"

"Marahaba mama. Kibali cha mzigo gani? Mimi sijafunga mzigo wa Dodoma leo."

Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi niliyekuwa naye tangu asubuhi ni nani?"

Nilimwomba anitumie picha za mazungumzo yote, na nilipozisoma taratibu ndipo nilipoelewa kazi ya mtu huyu ilivyo. Yeye hatafuti wateja. Wateja tunamtafutia sisi. Anakaa akisoma maoni yaliyo chini ya picha zetu, na kila anayeuliza bei amekwisha kujitambulisha kuwa ana fedha, anataka nini, kiasi gani na yuko mji gani. Kinachobaki ni kumwahi kabla yetu. Ndiyo maana wahanga karibu wote walikuwa ni watu waliouliza hadharani, na karibu wote walianza kuandikiwa wao badala ya wao kuanza. Tangu hapo tumeweka utaratibu ambao naomba kila mteja aushike: hatumwandikii mtu inboksi kwanza. Ukiuliza chini ya picha, tunajibu palepale chini ya picha, mbele ya macho ya watu, na tunakuambia wewe utuandikie. Akaunti yoyote yenye jina letu iliyokuanza wewe kwa ujumbe wa faragha, hata kama inajua kwamba umeuliza kilo nane za chanja, si sisi.

Jambo la pili lililotoka kwenye picha zile ni jina la akaunti. Letu lina mstari mmoja wa chini katikati ya maneno mawili. Lile lilikuwa na mistari miwili iliyoshikana, ambayo kwenye simu ndogo huonekana kama mstari mmoja mrefu kidogo. Kuna nyingine ilirudia herufi moja ya mwisho, na nyingine iliweka tarakimu 1 mahali pa herufi l. Macho yetu husoma jina zima kwa mkupuo, hayahesabu herufi, na mwizi anaishi kwa kulijua hilo.

Nilipolitafuta jina hilo kwenye simu yangu sikuona kitu. Nililiandika kwa usahihi, herufi kwa herufi, na bado Instagram ikanionyesha kana kwamba akaunti hiyo haipo. Mpwa wangu akaandika jina hilohilo kwenye simu yake, ikatokea mara moja, na picha zetu zote zikiwa zimepangwa vizuri kuliko tulivyozipanga sisi. Sababu ni kwamba aliyeifungua alikuwa ametuzuia, yaani alikuwa amelifungia duka letu lisiweze kumwona. Hii ndiyo hatua ya kwanza anayoichukua kabla hata hajamwandikia mteja, na inaeleza kwa nini mwenye duka huwa wa mwisho kupata habari. Mteja hutuuliza, "Hamwoni mtu anayewaharibia jina?" nasi kweli hatumwoni. Kwa sababu hiyo, ukikutana na akaunti ya namna hiyo, usidhani tunaijua. Tutumie kiungo chake au jina lake lililonakiliwa, si picha ya skrini pekee, kwa kuwa kwenye picha mistari miwili na mmoja havitofautiki, na kuripoti akaunti kunahitaji akaunti yenyewe ifunguliwe.

Akaunti hiyo ilikuwa pia imefunga sehemu ya maoni kwenye kila picha. Hilo nalo lina sababu yake: mtu aliyekwisha kuibiwa asipate mahali pa kuandika onyo. Duka la kweli linaloishi kwa maswali ya wateja lina sababu ndogo sana ya kuwafunga midomo.

Ipo sehemu ndani ya Instagram inayoonyesha habari za akaunti, ambayo hufunguliwa kwa kugusa vidoti vitatu vilivyo juu ya ukurasa na kuchagua maelezo ya akaunti hiyo. Huonyesha mwezi na mwaka ilipofunguliwa, na mara nyingi huonyesha kama imewahi kubadilisha jina. Ile iliyomwibia mama wa Dodoma ilikuwa na umri wa wiki chache, wakati yetu ina miaka. Hata hivyo msiitegemee tarehe peke yake. Tumekutana na akaunti yenye umri mkubwa kuliko yetu na wafuasi wengi kuliko wetu, na ilipochunguzwa ikaonekana imebadilisha jina mara kadhaa. Ilikuwa akaunti ya mtu mwingine kabisa, iliyopatikana kwa njia ambayo sitaikisia, ikabandikwa nembo yetu. Umri na wafuasi walikuwa wa kweli, ila hawakuwa wa duka.

Kwenye WhatsApp hali ni rahisi zaidi kwa mwizi, kwa kuwa kule jina na picha huandikwa na mwenye simu mwenyewe, bila yeyote kuyathibitisha. Namba mpya inaweza kubeba jina letu ndani ya dakika moja. Unachoweza kukitazama ni kama jina hilo limetanguliwa na alama ya ~, kwani alama hiyo humaanisha kuwa namba haimo kwenye simu yako na jina unaloliona amejipa mwenyewe. Mteja aliyehifadhi namba yetu tangu mwaka jana huliona jina alilotuandika yeye, liwe "Dagaa Kigoma" au "Mama Migebuka" kama nilivyowahi kulikuta kwenye simu ya mteja mmoja. Tapeli hawezi kuliingilia jina hilo maana halijui na halimo mikononi mwake.

Sasa nifike kwenye jambo ninaloliona kuwa kubwa kuliko yote, na ambalo nalitaka lipewe nafasi yake. Nembo, picha, bei, lugha yetu ya kumkaribisha mteja, hata ilani zetu, vyote vinanakilika. Kimoja tu mwizi hawezi kukiandika anavyotaka: jina linalotokea kwenye simu yako unapotuma fedha, baada ya kuingiza namba na kiasi, kabla hujaweka namba ya siri. Jina hilo linatoka kwenye usajili wa laini au wa Lipa Namba katika mtandao wa simu. Mama wa Dodoma aliliona. Lilikuwa jina la mwanamume asiyemjua, nalo lilikuwa mbele yake kabla hajaipoteza hata shilingi.

Kwa nini basi hakusimama? Kwa sababu sisi wafanyabiashara tumewazoesha wateja kutosimama. Nani asiyewahi kuambiwa na duka, "Tuma kwenye namba hii, litakuja jina la mke wangu," au "litakuja jina la kijana wetu wa stoo"? Sentensi hiyo husemwa kila siku na wafanyabiashara waaminifu kabisa, kwa sababu laini ilisajiliwa kwa kitambulisho cha mtu mmoja na duka ni la mwingine, au kwa sababu simu ya duka imeisha chaji na fedha inapokelewa kwa simu ya jirani. Tapeli hakuhitaji kubuni kitu. Aliichukua sentensi ileile, akabadilisha "mke wangu" kuwa "mhasibu wetu", na mteja akaona ni jambo la kawaida kwa kuwa kweli ni la kawaida.

Dawa yake iko upande wa duka kabla ya kuwa upande wa mteja. Tumeacha kupokea malipo kwa laini za watu binafsi. Tunapokea kwa Lipa Namba moja tu, iliyosajiliwa kwa jina la biashara lililoandikwa kwenye ubao wetu wa mlangoni na kwenye leseni, na jina linalotokea kwenye simu yako ni hilo bila nyongeza. Mtandao ukiwa mbovu, tunasubiri. Hatutoi namba mbadala. Simu ikiibiwa, Lipa Namba inabaki ileile. Tukiwa na dharura, mhasibu wetu, ambaye kwa taarifa yenu ni mimi mwenyewe na daftari langu, hatapokea kwa namba yake. Mteja akiona jina lingine lolote, la mwanamume au la mwanamke, hata likiwa na maelezo mazuri namna gani, asiweke namba ya siri.

Utaratibu huu una gharama yake, nami sitaificha. Wapo wateja waliokwazika walipotaka kutuma kwa namba waliyoizoea na tukakataa, na yupo mmoja aliyetuambia tumekuwa wagumu kuliko benki. Una mpaka wake pia. Unamlinda anayelijua jina sahihi kabla ya kuanza kutuma. Anayeletewa jina na tapeli mwenyewe, pamoja na Lipa Namba aliyoisajili kwa jina linalokaribiana na letu, anaweza bado kupita. Ndiyo maana jina na namba vinapaswa kuchukuliwa mahali ambapo aliyekuandikia hana mkono, na hapo nitarudi.

Kabla ya hilo, neno moja kuhusu bidhaa yenyewe, kwa kuwa dagaa wana ushahidi wao. Mwaka 2024 shughuli za uvuvi katika Ziwa Tanganyika zilisimamishwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti, ili samaki wapate kuzaliana. Mama wa Dodoma aliambiwa mwezi Juni kwamba mzigo umeshuka asubuhi hiyo mwaloni Kibirizi. Mkazi yeyote wa Kigoma angecheka, maana Kibirizi wakati huo hapakuwa na mtumbwi wa dagaa unaoshusha kitu. Tulichokuwa nacho sote ni akiba iliyokaushwa kabla ya kufungwa kwa ziwa, na bei ilipanda kwa sababu hiyohiyo. Aliyeandika ujumbe ule hakuwa na habari za ziwa, alikuwa na picha zetu tu.

Hata nje ya kipindi cha kufungwa, dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi inapokuwa kubwa, taa hazivuti kitu, wavuvi hupumzika, na mzigo mpya huadimika kwa siku kadhaa hadi giza lirudi. Kwa hiyo mteja mwenye shaka anaweza kutuuliza swali dogo: "Hawa ni dagaa wa giza lipi?" Sisi tutamjibu kama ni wa giza hili au lililopita, na kwa nini bei imekaa ilivyokaa. Mtu asiyeijua biashara atajibu "dagaa wapo freshi kabisa mpendwa" na kurudi kwenye namba ya malipo. Silitoi swali hili kama kinga kamili, kwa kuwa nalo likisomwa humu litajifunzwa, lakini kila swali la aina hiyo humlazimisha mtu huyo kuzungumza nje ya maneno aliyoyanakili. Na kuhusu kibali na ushuru: hayo hushughulikiwa huku Kigoma na anayesafirisha, kabla mzigo haujapanda basi. Kwetu mteja hulipa bei ya bidhaa na nauli, kwa pamoja, mara moja. Malipo ya pili baada ya hayo hayapo.

Baada ya mazungumzo yetu ya simu, mama yule alifanya mambo yaliyopasa kufanywa kwa mpangilio wake, na naueleza kwa kuwa watu wengi huanza na lisilo la haraka. La kwanza ni kupiga huduma kwa wateja ya mtandao uliotumika kutuma fedha, saa hiyohiyo, ukiwa na ule ujumbe wa uthibitisho wenye namba ya muamala, na kuomba fedha izuiwe. Kinachoamua hapa ni muda: fedha ikiwa bado imo kwenye laini iliyopokea, kuna la kufanya, ikishatolewa kwa wakala au kuhamishwa, mtandao hauna cha kuzuia. Yake ilikuwa imetolewa kabla hajaanza kuishuku. Akaenda kituo cha polisi, akaandikiwa RB, akakabidhi mazungumzo yote na uthibitisho wa muamala, kwa kuwa kujifanya mtu mwingine mtandaoni na kujipatia fedha kwa njia hiyo ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Namba ya tapeli akairipoti kwa kutuma ujumbe kwenda 15040, namba maalumu ya kuripoti laini za kitapeli. Hatua hiyo inalenga laini ifungiwe ili isimwibie mwingine. Haimrudishii fedha aliyeibiwa, na haigusi akaunti ya Instagram, ambayo huripotiwa kivyake. Kuiripoti akaunti kwa kosa la kujifanya duka letu kunatupasa sisi wenyewe, kwa vitambulisho vyetu, na hilo tulilifanya kwa kutumia kiungo alichotupatia. Ushauri wangu mdogo: usifute mazungumzo kwa hasira, na usimtukane ukishamgundua, maana akijua umemgundua atafuta ujumbe wake upande wake na ushahidi utapungua.

Ndugu zake walitaka jina lililotokea kwenye muamala lisambazwe kwenye makundi, likiwa na picha iliyookotwa Facebook ya mtu mwenye jina linalofanana. Nilikataa kulitangaza kwa jina la duka, na ningekataa tena leo. Usajili wa laini kwa alama za vidole haujamaliza laini zilizosajiliwa kwa vitambulisho vya watu wasiojua. Mtu huenda kusajili laini yake kwa wakala wa mtaani, anaambiwa kidole hakijashika, aweke tena, na yawezekana mara ya pili amesajili laini asiyoijua ambayo itauzwa kwa mwingine. Mwenye jina anaweza kuwa mzee wa kijijini asiye na habari yoyote. Jina lilikwenda polisi, ambao wana uwezo wa kulifuatilia. Na wewe unayesoma, piga *106# uone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA. Ukikuta usiyoijua, nenda dukani kwa mtandao husika ikafutwe.

Wizi huu una mkia ambao wengi hawautarajii. Siku chache baada ya tukio, mama huyo alipigiwa simu na mtu aliyejiita wa "kitengo cha marejesho" cha duka letu. Alimweleza kwa upole kuwa duka limesikitika na linarudisha 186,000, ila afungue menyu ya kutuma fedha, aingize namba atakayotajiwa, na panapoulizwa kiasi aandike "namba ya marejesho" yenye tarakimu tano. Namba hiyo ya marejesho ilikuwa ni kiasi cha fedha, hakuna kingine. Angeiandika na kuweka namba ya siri, angekuwa ametuma tena. Aliyeibiwa huwindwa mara ya pili kwa sababu jina lake, namba yake na shauku yake ya kurudishiwa vyote viko kwa mwizi yuleyule. Kupokea fedha kwenye simu hakuhitaji ufungue menyu yoyote wala uweke namba ya siri. Duka letu ni mimi, dada anayepima na kijana wa stendi, kitengo hatuna.

Ilani yetu ya kwanza kuhusu tukio hilo tuliiweka kama picha yenye maandishi mekundu, ikitaja akaunti bandia na kuonyesha namba yetu sahihi. Akaunti ile ilibadilisha jina, kisha ikaichukua ilani yenyewe, ikafuta namba yetu, ikaandika yake, na kuibandika juu kabisa ya ukurasa wake. Mteja wa Morogoro alituambia kwamba aliiamini kwa sababu hiyo: "Niliona wanaonya watu kuhusu matapeli, nikajua hawa ndio wenyewe." Kwa hiyo hata maandishi haya, mkiyakuta mahali yakiwa na namba ya simu chini yake, ijueni kuwa imeongezwa. Sijaweka namba yoyote ya duka humu, na nimefanya hivyo kwa makusudi.

Namba yetu ya simu, Lipa Namba na jina linalopaswa kutokea vimechapishwa kwenye lebo ya kila pakiti na kila ndoo inayotoka dukani. Aliyewahi kununua kwetu na akaitunza lebo, au ndoo ya mawese anayotumia sasa kuwekea unga, anayo nakala ambayo hakuna wa kuibadilisha kutoka mbali. Asiyewahi kununua ana njia mbili. Anaweza kumwomba ndugu au rafiki aliyeko Kigoma apite Mwanga asome ubao wa mlangoni, na Kigoma ni mji ambao mtu hakosi wa kumtuma. Au atupigie simu ya picha saa za kazi, tumwonyeshe mizani, magunia na ubao huo huo, kisha alipe mzigo ukiwa unapimwa anauona. Tapeli hujibu ujumbe upesi kuliko sisi, lakini simu ya picha hapokei. Atasema mtandao wa Kigoma ni mbovu. Ni mbovu siku nyingine, kweli, na siku hiyo tutakuomba ungoje.

Akaunti iliyopo sasa inatumia picha yetu ya migebuka iliyopangwa juu ya meza ya buluu, na inatoa punguzo kwa atakayelipa kabla ya saa sita mchana. Kwetu bei ya asubuhi na ya jioni ni moja. Aliyekwisha kuitumia fedha leo apige kwanza mtandao wake wa simu, sasa hivi, na sisi atupigie baadaye.